Mechi za kompyuta au mechi za kweli: wapi kuna nafuu?

Mwana_Ujiji: Habari wakuu. Huku Kigoma vibanda vya kubeti vina skrini za mechi za kompyuta, raundi kila baada ya dakika chache. Mdogo wangu anaandika matokeo kwenye daftari, anasema ukiusoma mtiririko unawapiga. Ukilinganisha na kubeti timu ya Mashujaa ikicheza uwanja wa Lake Tanganyika, kipi afadhali? Nataka hoja za kumwonyesha.

Kibirizi_77: Daftari halimsaidii. Mashine inaangalia pesa nyingi zimewekwa wapi, inageuza matokeo. Ndiyo maana ukipandisha dau tu unachanika.

Mhasibu_Mwanga: Kwenye daftari umesema kweli kaka, ila kugeuza hawana haja nako. Mashine inachota namba, namba inaamua matokeo, ndipo inatafutwa video ya kuendana nayo. Ule mpira unaogonga mwamba dakika ya 90 ni picha tu, mechi ilishaamuliwa. Na raundi iliyopita haiigusi inayofuata.

Faida yao imo ndani ya odi. Tuseme nyumbani 2.10, sare 3.20, ugenini 3.10. Ukitaka kushika 1,000 litokee lolote, weka 476 nyumbani, 313 sare, 323 ugenini. Jumla umetoa 1,112. Hiyo 112 ndiyo yao, bila kumwibia mtu.

Mashujaa ni habari nyingine. Odi yake ni makadirio ya watu, na wanaweza wasijue kipa kaumia mazoezini wakati wewe umemwona akichechemea. Kwenye kompyuta, odi na uwezekano vimetoka kwenye jedwali lilelile. Hakuna kipa, hakuna mvua, hakuna cha kukijua kabla yao.

Mama_Mawese: Samahani, mimi mechi yangu iliahirishwa na mkeka bado unasoma "pending". Hela inarudi?

Mhasibu_Mwanga: Dada, hiyo inategemea masharti yao ya mechi zilizoahirishwa. Nenda na risiti yako wakuonyeshe.

Mwana_Ujiji: Nimemsomea. Anasema basi atadabo dau kila akikosa, siku moja lazima ipatie.

Mhasibu_Mwanga: Aanze na 500. Akikosa mara sita mfululizo ameshatoa 31,500, na raundi ya saba inamdai 32,000 ili abakiwe na faida ndogo. Kwa timu ya nyumbani ya odi ile, kukosa sita mfululizo hutokea kama mara moja katika kila majaribio thelathini. Na mechi zinavyokuja haraka, jioni moja inatosha kumfikisha hapo.

Kibirizi_77: Mimi bado siamini. Nani anaichungulia hiyo mashine?

Mhasibu_Mwanga: Leseni inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ukiwa kibandani huwezi kuikagua mwenyewe, hilo nakubali. Lakini hesabu yangu nimeifanya kwa mashine iliyo safi kabisa. Ikiwa chafu, ni mbaya zaidi.

Reli_Tabora: Usiwapambe wa mechi za kweli. Na huko 112 ipo, wakati mwingine ndogo, wakati mwingine kubwa. Huku Tabora nawaona wanaojua kila mchezaji, na bado wanakopa nauli.

Mhasibu_Mwanga: Ipo, sibishi. Nilichosema ni kwamba huko odi inaweza kukosewa. Kama kuna mtu mtaani anayezipata odi hizo mara za kutosha kuifuta ile 112, mimi sijamwona.