Naomba ushauri: mpwa wangu kashtakiwa kwa jaribio la wizi wa mashine ya mtumbwi

Habari wakuu, hasa wanasheria. Mpwa wangu na rafiki yake walikamatwa usiku mwalo wa Igombe, hapa Mwanza. Walikuwa wamepatana kwa meseji za simu kuiba mashine ya mtumbwi, wakanunua mkasi wa kukatia chuma. Rafiki ndiye aliyeanza kukata mnyororo wa mashine. Pingili moja ilishaliwa nusu. Mpwa wangu anasema alighairi, akawa anaondoka, hatua kama kumi kutoka mtumbwini, ndipo walinzi wakawamulika tochi.

Nimesoma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 380. Kwa uelewa wangu, kununua mkasi na kutembea hadi mwaloni ni maandalizi tu, ila meno ya mkasi yakishauma mnyororo, nia imeanza kutekelezwa kwa kitendo kinachoonekana. Kwa rafiki sioni pa kuponea. Na kifungu hichohicho kinasema kughairi kwa hiari hakufuti jaribio, isipokuwa kwenye adhabu.

Sasa huyu wangu hakugusa kitu. Je, kitendo cha mwenzake kinamshika kwa sababu walikwenda kwa nia moja? Au wakili ajenge hoja kwamba yeye aliishia kwenye maandalizi? Hofu yangu ni zile meseji: hata jaribio likianguka, si wanaweza kubadilisha shtaka kuwa la kula njama, ambalo hukamilika kwa makubaliano tu?

Pia kuna fundi aliyewatuma kuiba; kosa la kushawishi linamfikia vipi?

Dhamana tumeshapata.