Naomba ushauri: ukumbi wa ibada ya Kiswahili, Hamburg

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Waumini tunaozungumza Kiswahili hapa Hamburg, kutoka Tanzania, Kenya na Kongo, tunaanzisha ushirika wa Jumapili alasiri. Hadi sasa tumekuwa tukisali sebuleni kwa zamu, lakini watoto wameongezeka na majirani wanalalamikia kinanda.

Kanisa moja la Kijerumani liko tayari kutukodisha ukumbi wao baada ya ibada yao. Wanataka mkataba wenye jina la mhusika mmoja, pamoja na bima ya kulipia uharibifu. Hapo ndipo tulipokwama. Kwa kuwa hatujasajiliwa, atakayetia sahihi ndiye atakayedaiwa kodi ikichelewa au kitu kikivunjika, na sioni haki kumtwisha ndugu mmoja mzigo huo. Kusajili chama kunahitaji waanzilishi wasiopungua 7 na katiba kwa Kijerumani. Watu tunao, muda ndio mgumu.

Mliopitia haya Ujerumani, mlianza na usajili au ukumbi? Je, mwenye ukumbi anaweza kukubali miezi michache ya majaribio? Na mwenye kujua ukumbi mwingine unaoruhusu ngoma na jiko la kupikia chai, tafadhali atuelekeze.