Kusitisha mchango wa kila mwezi kanisani: benki kwanza, mhazini kwanza, au nipunguze tu?

MamaWaRau (Moshi)
Habari zenu wana Moshi na Arusha. Mwaka 2021 niliahidi shilingi 1,800,000 za paa la kanisa letu. Nikajaza fomu benki, wakate 50,000 kila tarehe 25 kuanzia Julai, nisiwe nahangaika na bahasha. Miezi thelathini na sita, basi. Juzi nimechukua taarifa ya akaunti nikakuta Julai mwaka huu wamekata, Agosti wamekata, mpaka Novemba. Zimezidi 250,000, na paa lenyewe lilishaezekwa zamani. Mwanangu anaingia kidato cha tano, nimebanwa kwelikweli.

Naona njia tatu. Nifunge benki kimyakimya. Au nimwambie mhazini kwanza ndipo niende benki. Au nipunguze iwe 10,000 ili jina lisipotee kwenye orodha. Nani amepita hapa? Mhazini ni jirani yangu, tunachota maji bomba moja, na mimi nimo kwaya. Sitaki kununiwa.

Baba_Kibosho
Dada, usijichoshe. Hamisha mshahara uende akaunti nyingine, ile ya zamani iache tupu. Wakikosa hela miezi miwili mitatu inajifia yenyewe, na hakuna atakayekuuliza.

KauntaNambaTatu (Arusha)
Kaka Kibosho, hapo umepata nusu. Nilikaa kaunta miaka sita, hilo la akaunti tupu nililiona kila mwisho wa mwezi. Lile ni agizo la kudumu, na kukosa hela leo si kulifuta. Kuna benki ambazo agizo hufa likishindwa mara kadhaa, na kuna ambazo hujaribu tena na kukutoza ada kila linaposhindwa. Siku ukiweka ada ya mtoto kwenye akaunti hiyo ukidhani pamekufa, tarehe 25 inakula.

Mama, angalia fomu yako ya 2021. Nakuhakikishia pale pa tarehe ya mwisho pako wazi, au mliandika "hadi nitakapotoa taarifa". Ndiyo maana benki imeendelea. Wao hawajui habari za paa wala za miezi 36, wanafuata karatasi. Na jambo watu wengi hawalijui: kanisa haliwezi kulisimamisha. Agizo hili ni lako na benki yako, wao kule wanapokea tu. Hata mchungaji akiandika barua, benki itakutafuta wewe.

Nenda na kitambulisho, andika barua ya kusitisha au ujaze fomu yao. Taja namba ya akaunti inayokatwa, inayopokea, kiasi na tarehe. Usiende tarehe 24. Nenda siku tano za kazi kabla, na mwezi huu wa Krismasi nenda mapema zaidi. Omba nakala yenye muhuri, kisha tarehe 26 angalia salio. Kama aplikesheni ya benki yako inaonyesha maagizo, hakikisha limetoka kwenye orodha.

Mtumishi_Pasua
Mpendwa, Malaki 3:10 iko wazi. Zaka haisitishwi kwa sababu ya ada ya shule. Ukimfungia Mungu mlango naye…

MamaWaRau (Moshi)
Mtumishi, shikamoo. Zaka natoa Jumapili kwenye bahasha, sijaigusa. Hii ilikuwa ahadi ya bati, na bati limekwisha.

BintiNgarenaro (Arusha)
Mimi ni Mwislamu ila yamenikuta ya aina hiyo. Nilikuwa natuma 20,000 kwa simu kila mwezi kwa ajili ya madrasa ya mtaani. Biashara ikayumba, nikaacha bila kusema. Ustadhi hakuniuliza hata siku moja. Kumbe ile 20,000 ndiyo iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa na chaki, na yeye alikuwa akikopa dukani akitegemea kwamba nitatuma. Nilikuja kusikia kwa mwenye duka, miezi minne baadaye. Aibu niliyoipata! Angeniudhi afadhali. Kwa hiyo kufunga kimyakimya mimi siipigii kura.

Mzee_wa_Vitabu (Moshi)
Nimekuwa mhazini wa usharika miaka tisa, si wa kwenu, kwa hiyo tusitafutane. Binti Ngarenaro amesema kitu. Kwetu makisio ya mwaka unaofuata tunayapanga Novemba na Desemba, na fedha inayoingia kwa benki kila mwezi ndiyo tunayoitegemea kuliko zote, kwa sababu haitegemei mvua wala nani amesafiri. Ikikatika Januari bila neno, mwanakwaya mmoja anakuwa pengo la 600,000 kwa mwaka na mimi ndiye ninayesimama mbele ya kamati. Ukiniambia Desemba, naandika sifuri na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo mwambie mhazini kwanza, lakini usimwombe ruhusa. Mpe taarifa na tarehe. Ukianza na "nilikuwa nafikiria labda", atakupeleka kwa mwinjilisti, mwinjilisti atakuja nyumbani na wazee wawili, na chai utapika wewe.

Kupunguza iwe 10,000 sikushauri. Utabaki kwenye orodha ya jengo, na likija jengo jipya jina lako litasomwa pamoja na ya wale wanaoendelea.

Zile 250,000 usidai zirudi taslimu. Zimeshakatiwa stakabadhi, na kurudisha kunahitaji kamati ya fedha ikae, na hapo ndipo jina lako litazungumzwa. Uliza tu zihamie kwenye ahadi yako ya mwaka 2025. Bahasha yako ya ahadi ni kiasi gani?

MamaWaRau (Moshi)
20,000 kwa mwezi.

Mzee_wa_Vitabu (Moshi)
Basi hiyo ni 240,000, mwaka mzima umelipa na 10,000 imebaki. Andika wewe mwenyewe kwamba umekubali zihamishwe, kwa sababu fedha iliyoingia kwa jina la paa mhazini haruhusiwi kuihamisha kwa utashi wake.

Baba_Kibosho
Sasa hapo mimi nakataa. Ahadi ya mwaka ni ya mwaka, unaitoa ukiwa na furaha, hulipi kwa chenji ya bati. Bora aiache iwe sadaka.

KauntaNambaTatu (Arusha)
Kaka, dakika ishirini zilizopita ulimwambia aache akaunti tupu 😄

MamaWaRau (Moshi)
Nimeandika hivi, nikosoeni kabla sijatuma:

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Mhazini. Ahadi yangu ya paa, 1,800,000, ilikamilika Juni. Benki iliendelea kukata kwa kosa langu la kutoandika tarehe ya mwisho, nami nalisimamisha agizo hilo wiki hii. Disemba haitaingia. Zilizozidi, 250,000, nimekubali zihesabiwe kwenye bahasha yangu ya ahadi ya 2025. Zaka ya Jumapili naendelea kama kawaida. Nitakuletea nakala ya taarifa ya benki Jumamosi baada ya mazoezi."

Mzee_wa_Vitabu (Moshi)
Usiongeze neno. Hasa usiweke habari za ada ya mtoto, maana watakuchangia, na hapo utashindwa kabisa kuacha.

MamaWaRau (Moshi)
Mrejesho. Benki nilienda tarehe 12, fomu ukurasa mmoja, pale pa tarehe ya mwisho palikuwa wazi kama alivyosema Kaunta. Tarehe 26 salio halijaguswa. Mama Mhazini alijibu "Amina, nimepokea", na Jumamosi akanionyesha kwenye daftari amenihamishia. Kuhusu ile hoja ya Baba Kibosho aliniambia hata wao kwenye kamati hawajakubaliana, mzee mmoja anasema kama yeye.

Ila leo ibadani wametangaza ukumbi wa vijana. Mwinjilisti ameniangalia mimi.

Baba_Kibosho
Ukijaza fomu safari hii, weka tarehe.