Naombeni ushauri: hadithi ya kijana na kibao cha duka la mama

Kalamu_Changa: Habari wanajukwaa. Naandika hadithi fupi. Kijana anapaka upya kibao cha duka la mama yake fundi cherehani: FUNDI WA MAVAZI, herufi kubwa za sentimita 20. Kati ya kila herufi ameacha sentimita 3 kamili kwa rula. Anarudi nyuma kutazama, FUNDI imebanana na MAVAZI imeachana. Nataka msomaji aone sababu bila mtu kumpa somo. Nifanyeje?

Mzee_wa_Vipimo: Rula ndiyo iliyomponza. Herufi hazilingani upana, I ni nyembamba na M ni pana. Agawe ubao visanduku sawa, kila herufi chake.

Brashi_Bapa: Kuhusu rula nakubali, visanduku hapana. I itaelea peke yake kwenye kisanduku chenye upana wa M. Mimi kazi yangu ni kuandika mabango, na jicho halipimi ncha kwa ncha, linaona uwazi wote ulio kati ya herufi mbili. U na N zimesimama wima, kwa hiyo sentimita 3 ni 3 juu hadi chini. A na V zinalala upande mmoja. Guu la A likiwa sentimita 3 kutoka ncha ya V, pima pengo katikati ya kimo: kwa herufi pana kiasi cha sentimita 18, utakuta kama 10. Ndiyo maana V inaonekana imetengwa na wenzake.

Mpe kijana herufi za karatasi. Azisogeze ubaoni mpaka guu la A liingie chini ya mkono wa V kwa sentimita 4 hivi, kisha azungushie chaki. Afunike zote abakize tatu tatu, aangalie kama ya katikati imekaa katikati kweli. Rangi iwe ya mwisho.

Dada_Sindano: Jamani, kibao changu kimepauka upande wa jua. Naweza kupaka rangi mpya juu ya ya zamani?

Brashi_Bapa: Dada, ile inayobanduka ikwangue kwanza, upige msasa, ufute vumbi ndipo upake.

Kalamu_Changa: Asante sana kaka. Basi mama asimweleze kitu. Atachukua rula, aiweke katikati ya A na V, amwonyeshe mwanawe namba.

Brashi_Bapa: Hapo sikubaliani nawe. Rula itampa kijana kipimo kingine cha kukariri. Mama ageuze kibao juu chini. Maneno yasiposomeka, mashimo yanajitokeza yenyewe.

Mzee_wa_Vipimo: Ila msomaji haoni kibao, anasoma tu. Mimi ningebaki na 3 na 10, hizo anaweza kuzishika.

Kalamu_Changa: Nitaandika zote mbili, nimsomee mtu asiyejua kazi hii nione ipi anaielewa.