Naomba ushauri: nimerekodi ukaguzi wa nyumba Migosi, nashindwa kuufupisha

Habari zenu. Jumamosi nilikagua nyumba ya vyumba viwili hapa Migosi, Kisumu, huku nikijirekodi kwa simu. Sasa nafupisha hizo dakika 11 ziwe sifa, kasoro na maswali ya kumuuliza ajenti, na nimekwama.

Shida ni kwamba sauti imechanganya nilichoona na nilichoambiwa. Nasikika nikisema "maji yapo siku zote", lakini hayo ni maneno ya ajenti. Mimi nilifungua mfereji wa jikoni tu, ukatoa maji membamba. Kwa hiyo nimeandika presha ndogo kwenye kasoro, na "maji hukatika siku ngapi kwa wiki, tangi ni la nani?" kwenye maswali.

Kinachonisumbua ni ukuta wa chumba cha kulala. Nasema "rangi mpya, safi", kisha baada ya sekunde chache, "mbona hapa chini pamevimba?" Rangi iliyovimba juu ya sakafu kwa kawaida ni unyevu. Niiondoe kwenye sifa kabisa? Na nimuulizeje ajenti chanzo chake bila kumpa nafasi ya kujibu "tutapaka tena"?