Wasifu wa menta aliye ughaibuni: toleo la vyeo au toleo la msaada?

Nuru_M
Wakuu, naomba maoni. Mtandao unaounganisha wataalamu wa diaspora na wanafunzi wa nyumbani unataka wasifu usiozidi maneno 120. Mhusika ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na ameniomba nimwandikie. Nimepata matoleo mawili.

A: "Ni muuguzi mbobezi mwenye shahada ya uzamili na uzoefu mpana wa kimataifa. Amehudhuria makongamano mengi na ana ari ya kuinua vijana."

B: "Nahudumia wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Nilianza na diploma ya uuguzi nyumbani, nikafanya kazi wodini, ndipo nikaomba usajili huku. Niulize kuhusu kuchagua kati ya diploma na shahada, nyaraka za usajili, na maswali ya usaili."

Lipi liende?

Sudi wa Pwani
B, bila kusita. Na hiyo shahada ya uzamili usiitaje popote. Vyeo vinawatisha wanafunzi.

Bi Rehema
Kaka Sudi, hapo umepata nusu. Orodha ya vyeo ndiyo inayotisha, lakini sifa moja lazima ibaki, maana mratibu anahitaji kitu cha kuhakiki kabla hajamkabidhi mwanafunzi. Sentensi moja inatosha: "Nimesajiliwa kuwa muuguzi tangu 2017."

A linamfaa mwajiri. Mwanafunzi akilisoma hajui aulize nini, ndiyo maana menta wa namna hiyo huishia kupokea "Shikamoo, naomba msaada," kisha kimya. B linampa swali la kuanzia.

Ila B nalo lina pengo. "Nyaraka za usajili" ni maneno mapana mno. Kinachowakwamisha wengi ni uthibitisho wa usajili: mara nyingi baraza la uuguzi la nyumbani ndilo linalotakiwa kuutuma moja kwa moja kwa baraza la nje, na nakala aliyoibeba mwombaji mwenyewe inakataliwa. Ataje hilo kwa jina. Tena aeleze kuwa alipitia utaratibu wa 2017, maana masharti hubadilika na mwanafunzi anaweza kulipia mtihani usiohitajika tena.

Mhasibu Mtarajiwa
Samahani wakuu, mimi nasoma uhasibu mwaka wa pili. Nikijiandikia wasifu niweke GPA?

Bi Rehema
Mwanangu, hapa tunazungumzia wasifu wa menta. Wa kwako andika unasoma nini na umekwama wapi. GPA weka fomu ikiuliza.

Kipima Saa
Hakuna aliyegusa muda, na hapo ndipo mahusiano mengi ya aina hii yanapovunjika. "Napatikana wikendi" haina maana. Aandike: wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, dakika 40, mara mbili kwa mwezi, kwa miezi minne.

Saa nazo ziandikwe kwa saa za nyumbani. Akiwa katika nchi inayosogeza saa mara mbili kwa mwaka na nyumbani hazisogezwi, yeye ndiye abadilishe ratiba yake, siyo mwanafunzi. Tena asiandike "saa 2" peke yake. Aandike "saa 2 usiku (20:00)", la sivyo mratibu atajaza 02:00 kwenye kalenda na mwanafunzi atakosa kikao cha kwanza.

Sudi wa Pwani
Na aseme wazi kwamba hatoi ada wala hatafutii mtu viza. Bila hivyo ujumbe wa kwanza ni wa pesa.

Bi Rehema
Viza sawa. Ya ada mimi naiweka kwenye ujumbe wa kukaribisha. Ukiiweka kwenye wasifu, mwanafunzi asiye na nia ya kuomba anajiona ameshatuhumiwa.

Sudi wa Pwani
Dada, akishaomba na kunyimwa aibu inakuwa kubwa zaidi. Mapema ni bora.

Nuru_M
Nimeunganisha hivi:

"Nahudumia wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Nilianza na diploma nyumbani na nimesajiliwa huku tangu 2017. Niulize: diploma au shahada kwanza, baraza la nyumbani linavyotuma uthibitisho wa usajili (nilipitia utaratibu wa 2017, tutauhakiki pamoja), maswali ya usaili wa wodini. Napokea wanafunzi wawili kwa miezi minne, Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa 2 usiku (20:00) za nyumbani, dakika 40. Sishughulikii viza wala nafasi za kazi."

Ya ada nimeiacha kwanza. Jina la hospitali je?

Kipima Saa
Liache. Waajiri wengi wana masharti kuhusu kutumia jina lao, na "hospitali ya rufaa" inamtosha mwanafunzi. Namba ya simu pia isiwemo: mawasiliano yapitie kwenye mtandao wenyewe, hasa kama kuna wanafunzi walio chini ya miaka 18.

Sudi wa Pwani
Ya ada bado nasisitiza, Nuru.