Naandika Kichina kwa pinyini, namba za kuchagulia zinanihama. Mnafanyaje?

MamaViatu: Wakuu, habari zenu. Nauza viatu Kariakoo, oda naziandika kwa Kichina kwenye kompyuta na kuzituma Guangzhou. Huwa napiga matamshi kwa herufi za Kilatini, silabi moja moja: `shi`, orodha ya herufi za Kichina inatokea, nabonyeza namba. Nilishakariri kuwa 事 iko 3. Juzi nimebonyeza 3 bila kutazama, ikatoka 时! Halafu nikipiga `nu` kutafuta 女, inakuja 怒. Viatu vya kike vikasomeka viatu vya hasira, mwenye kiwanda kacheka hadi basi.

MzeeWaToni: Dada, malizia silabi kwa namba ya toni. Piga `shi4`, orodha itapungua. Nilisoma Taipei, ndivyo tulivyoandika.

MamaViatu: Nimejaribu mzee wangu. Imenipa herufi ya nne kwenye orodha, basi.

Msafiri_GZ: Mzee, huko mlitumia zhuyin, alama za matamshi za Taiwan, ambako toni zina vitufe vyake. Kwenye pinyini namba ni ya kuchagulia tu.

MamaViatu, usikariri namba. Programu inakumbuka ulichochagua na kukipandisha juu, kwa hiyo 事 ya leo kesho iko kwingine. Tena ukichagua kimakosa, inajifunza kosa lako. Dawa ni kuacha silabi moja moja. `shi` peke yake ina herufi chungu nzima, ila ukipiga `shiqing` linakuja 事情, na `shijian` linakuja 时间. La kwanza likiwa sawa, piga spesi, namba huihitaji.

Kuhusu 女: irabu yake ni ü, ambayo kibodi haina. Pinyini haitumii v, ndiyo maana wakaiazima. Piga `nv`. Oda yako yote iandike kwa mkupuo, `lvsenvxie`, utapata 绿色女鞋, viatu vya kike vya kijani. Isome kabla ya spesi.

Kijana_Temeke: Kwani simu huna? Mimi nachora herufi kwa kidole, pinyini ya nini?

MamaViatu: Mdogo wangu, oda ya mistari 60 nichore kwa kidole?

Msafiri, `nv` imekubali, ubarikiwe. Ila nikitaka mji wa Xi'an, `xian` inaniletea 先.

Msafiri_GZ: Imeisoma kama silabi moja. Tenganisha kwa alama: `xi'an`, itatoka 西安.

MamaViatu: Sawa. La mwisho: kompyuta natumia na binti wa dukani, anayebonyeza 1 kwa kila kitu. Makosa yake yananipandia. Nizime huko kujifunza?

Bi_Stoo: Zima. Mimi nilizima, orodha ikatulia.

Msafiri_GZ: Mimi siwezi. Majina ya wateja wangu yanatoka nikipiga herufi mbili tatu tu za pinyini kwa sababu imeyazoea. Ukizima, kila jina utalitafuta upya.

MamaViatu: Mh. Na majina ninayo mengi. Ngoja kwanza nimfungulie binti akaunti yake, nione.